Kuhesabu ucheleweshaji kwa miezi mradi unapokaribia mwisho: mwongozo kamili wa ES

Kuna jambo la ajabu katika ripoti za miradi ya ujenzi: kadiri kazi iliyochelewa inavyokaribia kuisha, ndivyo alama yake ya ratiba inavyopanda. Mwisho wa yote, kazi iliyokwisha miezi mitatu baada ya tarehe yake hupata alama kamili ya 1.00, sawasawa na kazi iliyokabidhiwa kwa wakati. Si lazima awepo aliyechakachua takwimu. Hesabu yenyewe imeundwa hivyo, na anayeitegemea katika theluthi ya mwisho ya mradi huwa anapewa matumaini ambayo uwanja hauna.

Alama hiyo huitwa SPI. Unachukua thamani ya kazi iliyofanyika mpaka leo (EV) na kuigawa kwa thamani ya kazi iliyopangwa iwe imefanyika mpaka leo (PV). Tatizo liko kwenye PV. Siku ya kumaliza iliyoandikwa kwenye mpango ikifika, PV inakuwa imefikia bajeti nzima, na haina pengine pa kwenda. EV nayo inaendelea kujikokota kuifuata. Siku kazi itakapokwisha, hata ikiwa ni mwaka mmoja baadaye, namba mbili zitalingana na jibu litakuwa 1.

Walt Lipke, Mmarekani aliyekuwa akisimamia miradi ya programu za kompyuta katika jeshi la anga la nchi yake, alichapisha njia ya kulitatua hili mwaka 2003. Badala ya kuuliza kazi imepungua kwa shilingi ngapi, aliuliza: kazi tuliyonayo mkononi leo, mpango ulitaka tuwe nayo tarehe gani? Jibu la swali hilo ni muda, na ndilo linaloitwa ES, kifupi cha Earned Schedule. Ukilinganisha na kalenda, unapata ucheleweshaji kwa miezi au wiki, na namba hiyo haijifuti mradi unapoisha.

Mradi wa mfano

Tuchukue shule ya sekondari huko Busia, upande wa Uganda. Mfano ni wa kutunga, ila unafanana na kazi nyingi zinazoendeshwa kwa pesa za serikali. Kuna majengo mawili ya madarasa, ofisi, vyoo, tangi la maji na uzio. Bajeti ni shilingi milioni 600. Kazi inaanza 1 Julai, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa Uganda, na imepangwa kuchukua miezi 10, yaani ikamilike mwisho wa Aprili. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, pesa ambayo haijatumika hurudi kwenye mfuko mkuu wa serikali. Kwa hiyo mradi una miezi miwili ya akiba baada ya Aprili. Ukivuka hapo, hakuna tena uhakika wa kumlipa mkandarasi.

Hivi ndivyo mpango na kazi halisi zilivyokwenda, kwa mamilioni ya shilingi, kila namba ikiwa ni jumla tangu mwanzo:

| Mwezi | PV | EV |
|---|---|---|
| 1 (Julai) | 30 | 30 |
| 2 | 80 | 70 |
| 3 | 150 | 120 |
| 4 (Oktoba) | 240 | 185 |
| 5 | 330 | 250 |
| 6 | 410 | 320 |
| 7 | 480 | 385 |
| 8 (Februari) | 540 | 445 |
| 9 | 580 | 500 |
| 10 (Aprili) | 600 | 545 |
| 11 | 600 | 575 |
| 12 (Juni) | 600 | 590 |
| 13 | 600 | 600 |

Hatua ya 1: panga PV kwa mwezi, kisha usiiguse

PV inatoka kwenye vitu viwili ulivyo navyo tayari: orodha ya kazi na bei iliyo kwenye mkataba, na ratiba ya mkandarasi. Kila kazi ina bei yake, na ratiba inasema itafanyika mwezi gani. Kazi inayovuka mwezi mmoja unaigawa kulingana na kiasi kinachotarajiwa kila mwezi. Jumlisha mwezi kwa mwezi, na hiyo ndiyo safu ya PV.

Mkandarasi akiongezewa muda, wengi hufuta safu hii na kuandika mpya inayoanzia hapo walipo, na ucheleweshaji wote wa nyuma unapotea kwa siku moja. Kama ni lazima uwe na mpango mpya kwa ajili ya mkataba, weka safu mbili na uripoti zote mbili. Kazi ya nyongeza iliyoidhinishwa ni jambo jingine: hiyo iingize kwenye PV kwa tarehe zake, na uiingize kwenye EV inapofanyika.

Hatua ya 2: pima EV kwa futi kamba, si kwa cheti cha malipo

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

EV ni kiasi cha kazi kilichopimwa uwanjani kikizidishwa kwa bei ileile ya mkataba. Tuseme plasta ya ndani ni mita za mraba 600, na bei ni shilingi 20,000 kwa mita. Kazi nzima ni milioni 12. Umepima ukuta ukakuta mita 450 zimekamilika. EV ya plasta ni milioni 9. Haijalishi kama fundi amelipwa zaidi au kama saruji imepanda bei tangu Julai. Hayo ni mambo ya gharama, yana hesabu yake.

Kishawishi kikubwa ni kuchukua jumla iliyo chini ya cheti cha malipo na kuiita EV. Cheti kina vitu vitatu vinavyokupotosha. Kwanza, mara nyingi kinalipia vifaa vilivyoletwa uwanjani. Mabati yaliyopangwa stoo si paa. Pili, malipo ya awali huingia mapema na kukatwa polepole, na hayana uhusiano wowote na kazi iliyofanyika. Tatu, kiasi cha mwisho kimeshakatwa pesa ya dhamana inayoshikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe. Unachotaka ni mstari mmoja tu ndani ya cheti, ule wa thamani ya kazi iliyofanyika kabla ya makato, na hata huo uuhakiki kwa kupima.

Kwa kazi ambazo hazipimiki kwa mita, weka kanuni mapema. Milango na madirisha vihesabiwe vilivyofungwa, si vilivyoegemezwa ukutani. Kazi ndogo inayoisha ndani ya mwezi ipate thamani yote ikikamilika na sifuri kabla ya hapo. "Imefika asilimia 90" inayotoka mdomoni mwa nyapara usiiandike popote.

Hatua ya 3: tafuta EV ya leo ndani ya safu ya PV

Tuko mwisho wa Februari, mwezi wa 8, na EV ni 445. Shuka kwenye safu ya PV mpaka upate namba ya mwisho isiyozidi 445. Ni 410, ya mwezi wa 6. Hiyo ina maana kwamba tumemaliza kazi ya miezi 6 kamili ya mpango, na sehemu ya mwezi wa 7. Sehemu hiyo ni ngapi? Kutoka 410 tumepata 35 zaidi. Mwezi wa 7 ulipangiwa 70, yaani 480 kutoa 410. Basi 35 kwa 70 ni nusu mwezi.

```
ES = 6 + (445 - 410) / (480 - 410) = 6.5
```

Kazi tuliyo nayo mwisho wa Februari ilitakiwa iwe imefika katikati ya Januari. Tumechelewa mwezi mmoja na nusu. Hata mjumbe wa kamati ya shule ambaye hajawahi kuona ripoti ya mradi ataielewa sentensi hiyo.

Kama umepima katikati ya mwezi, usilazimishe. Muda wa kalenda uandike kama ulivyo, kwa mfano 8.5, na hesabu inabaki ileile.

Ukitumia Excel au LibreOffice, weka miezi 0 hadi 13 kwenye A2:A15, PV kuanzia B2 (mwezi 0 una PV ya 0) hadi B12, na EV kwenye safu ya D. Mwezi wa 8 utakuwa mstari wa 10:

```
E10: =MATCH(D10,B$2:B$12,1)-1
F10: =E10+(D10-INDEX(B$2:B$12,E10+1))/(INDEX(B$2:B$12,E10+2)-INDEX(B$2:B$12,E10+1))
G10: =F10/A10
H10: =10/G10
```

E ni miezi kamili, F ni ES, G ni kasi, na H ni makadirio ya muda wote wa mradi. EV ikifika 600, F itatoa kosa kwa kuwa hakuna mwezi wa 11 kwenye mpango. Hapo andika 10 kwa mkono.

Hatua ya 4: weka alama mbili ubavu kwa ubavu

Gawanya ES kwa muda wa kalenda uliopita, upate SPI(t). Kwa Februari ni 6.5 kwa 8, karibu 0.81. Maana yake ni kwamba kila mwezi wa kalenda unatupa kama siku 24 za mpango. Sasa ilinganishe na ile SPI ya zamani:

| Mwezi | SPI | ES | SPI(t) | Ucheleweshaji kwa miezi |
|---|---|---|---|---|
| 4 | 0.77 | 3.4 | 0.85 | 0.6 |
| 8 | 0.82 | 6.5 | 0.81 | 1.5 |
| 10 | 0.91 | 8.1 | 0.81 | 1.9 |
| 12 | 0.98 | 9.5 | 0.79 | 2.5 |
| 13 | 1.00 | 10 | 0.77 | 3.0 |

Tangu Oktoba hadi Juni safu ya SPI inapanda kama mradi unaopona. Safu ya SPI(t) inaonyesha kilichotokea kweli: kasi haikupanda hata kidogo, na kila mwezi uliongeza deni la muda.

Kikao cha uwanjani cha mwisho wa Juni ndipo tofauti hii inapouma. Mwenyekiti wa kamati anauliza, "Injinia, mmebakiza nini?" Anajibiwa, "Kidogo tu, mzee. Milioni kumi kati ya mia sita. Tuko asilimia tisini na nane." Jibu hilo ni kweli tupu kwa shilingi. Lakini kwa muda, mpango wenyewe ulisema milioni kumi hizo za mwisho zinahitaji nusu mwezi kwa kasi kamili, na mradi huu haujawahi kuwa na kasi kamili tangu Agosti. Na mwaka wa fedha unafungwa jioni hiyohiyo.

Hatua ya 5: kadiria tarehe, tena mapema

Muda uliopangwa ukigawanywa kwa SPI(t) unakupa makadirio ya muda wote: mwezi wa 8, 10 kwa 0.8125 ni miezi 12.3. Hiyo ni wiki ya pili ya Julai. Yaani mwisho wa Februari, miezi minne kabla ya 30 Juni, ES tayari ilikuwa inasema mradi utavuka mwaka wa fedha. Mwezi wa 10 inasema 12.3 tena. Utulivu huo ni dalili nzuri. Makadirio yanayorukaruka kila mwezi huwa yanatokana na EV iliyopimwa ovyo.

Mkandarasi atasema atafidia. Usibishane naye kwa maneno, mpe hesabu ya kasi anayohitaji. Kwenye mpango imebaki miezi 10 kutoa 6.5, yaani 3.5. Kumaliza Aprili, kalenda imebaki na miezi 2: lazima afanye miezi 1.75 ya mpango kwa kila mwezi mmoja. Hiyo haiwezekani. Uzoefu wa wanaotumia njia hii ni kwamba kasi inayohitajika ikizidi 1.10, tarehe hiyo imeshapotea na ni afadhali kuikubali. Kumaliza 30 Juni, imebaki miezi 4: 3.5 kwa 4 ni 0.875. Kasi yake ya sasa ni 0.81. Hapa pana mazungumzo ya maana, kwa sababu pengo ni dogo na linazibika kwa kuongeza kikosi kimoja cha mafundi au kuagiza mbao mapema.

Hatua ya 6: chora mstari wa ES juu ya ratiba

Namba 6.5 bado inaweza kuficha kitu. Chukua ratiba ya awali yenye mistari ya kazi, chora mstari wima katikati ya Januari, halafu uangalie pande zote mbili. Kila kazi iliyo kushoto ilitakiwa iwe imekwisha. Kila iliyo kulia ilitakiwa iwe haijaanza.

Kwenye shule yetu, kushoto kuna paa la jengo la pili. Thamani yake ni milioni 65, zimefanyika 44, na zilizobaki 21 zinangoja mbao. Kulia kuna uzio, uliopangwa Machi na Aprili. Uzio wa milioni 30 umeshafanyiwa milioni 21. Si bahati kwamba namba zinalingana: kwa jinsi ES inavyopatikana, upungufu wa kushoto daima ni sawa na ziada ya kulia. Ukizipata tofauti, kuna mahali umekosea kujumlisha.

Kilichotokea ni jambo la kila siku. Mbao hazikufika, mafundi wamekaa, mkandarasi anataka cheti, basi akawahamishia kwenye uzio. EV ikapanda. Lakini uzio hauzuii mvua, na Busia mvua za Machi hadi Mei hazisubiri mtu. Bila paa hakuna dari, hakuna nyaya, hakuna rangi kwenye jengo la pili.

Kwa hiyo toa ziada ya kulia na uhesabu tena. EV ya 445 kutoa 21 ni 424. ES inashuka hadi 6.2, SPI(t) inakuwa 0.775, na makadirio yanakuwa miezi 12.9. Ripoti zote mbili, 12.3 na 12.9, na useme wazi kwamba tofauti yake ni mbao za paa. Kasi inayohitajika kufika 30 Juni nayo inapanda kutoka 0.875 hadi 0.95, jambo linalobadilisha kabisa mazungumzo na mkandarasi.

Mahali ES isipofika

ES haijui kazi ipi inashikilia tarehe ya mwisho. Shilingi ya uzio na shilingi ya paa kwake ni sawa. Kama ratiba yako ina mfuatano unaojulikana wa kazi zinazoamua siku ya kukabidhi, kwa mfano msingi, kuta, paa, plasta, nyaya, rangi, utengenezee mfuatano huo jedwali lake peke yake la PV na EV na uhesabu ES yake. Ikiwa mradi mzima unasoma kuchelewa mwezi mmoja na mfuatano huo unasoma miezi miwili, amini miwili.

Miezi ya mwanzo nayo isikutie hofu wala matumaini. Mwezi wa pili au wa tatu, mvua ya wiki moja au lori moja la mchanga lililokwama linaweza kuitikisa SPI(t) sana, kwa sababu inagawanywa kwa muda mfupi.

Na mwishoni, pale ambapo ES ndiyo inahitajika zaidi, upimaji unatakiwa uwe mkali kuliko wakati wowote. Katikati ya mradi, mwezi wa 4, mpango ulikuwa na kazi ya milioni 90. Ukikosea EV kwa milioni 4, ES inapotoka kwa siku moja hivi. Mwezi wa mwisho una milioni 20 tu. Kosa lilelile la milioni 4 sasa ni sehemu ya tano ya mwezi, siku sita. Kuanzia mwezi wa 9, gawa PV na EV kwa wiki badala ya mwezi, na kazi za kumalizia, kama vitasa, vioo, koki za maji na kusafisha uwanja, ziandikwe moja moja kwenye orodha, kila moja na bei yake, zipewe thamani pale tu mwakilishi wa shule anapotia sahihi kwamba ameiona.